Mshahara Ukisoma Tarehe 29

Kama kuna kalamu karibu, ichukue, na kama kalenda ya ukutani iko sebuleni, ile uliyopewa benki au kanisani au dukani Desemba, ishushe uiweke mezani. Leo tutaichora.

Nilikaa muda mrefu kwenye dirisha la mikopo midogo hapa Dar es Salaam, na watu walikuwa wanakuja kwa majira, kama mvua. Kuanzia tarehe 20 foleni inarefuka, mwezi uko kwenye kona, kila mtu anataka elfu hamsini, laki moja, laki na nusu, "nitarudisha mshahara ukisoma". Kazi yangu ilikuwa kuwauliza wanaingiza kiasi gani na wanatoa kiasi gani. Kilichokuwa kinanishangaza ni kwamba wengi wao, tukijumlisha kwenye karatasi, kinachoingia kilikuwa kinazidi kinachotoka. Kidogo, lakini kinazidi. Mtu ana hela ya kumtosha mwezi mzima, na bado tarehe 23 yuko mbele yangu anakopa. Basi tatizo la mtu kama huyu hulioni kwenye jumla. Utaliona ukizipanga hela zake siku kwa siku.

Tuchukue mfano mmoja tuende nao mpaka mwisho. Dada mmoja, karani wa ghala Vingunguti, amepanga Tabata, ana watoto wawili na mume ambaye ni fundi seremala. Hela ya mume inakuja kwa kazi, leo ipo kesho haipo, kwa hiyo tuiache pembeni tupige hesabu ya mshahara wa dada peke yake. Tarakimu nimezinyoosha ili zikae kichwani.

Mshahara wake, baada ya kodi ya serikali na NSSF, ni shilingi 700,000. Unapita benki, na benki ina mkopo wake pale, inakata 140,000 palepale mshahara unapoingia. Anabaki na 560,000. Andika hiyo tu. Watu hupoteza muda kuandika makato ambayo hawayagusi. Kama wewe ulisoma kwa mkopo wa Bodi na unakatwa ile asilimia 15 ya mshahara wa msingi, nayo imeshaondoka kabla hujaiona, usiipe nafasi kwenye kalenda. Kalenda ni ya hela inayopita mkononi mwako.

Sasa swali la kwanza, na ndilo ambalo watu hulijibu vibaya kuliko yote: mshahara wako unaingia tarehe ngapi? Dada atakwambia tarehe 25, maana ndivyo mkataba unavyosema. Mwambie afungue meseji za benki za miezi sita iliyopita. Tulizikuta hivi: tarehe 25, tarehe 26, tarehe 24, tarehe 29, tarehe 25, tarehe 28. Tarehe 25 ikiangukia Jumamosi, mwajiri mmoja analipa Ijumaa, mwingine anangoja Jumatatu. Mhasibu akisafiri, siku mbili zinaongezeka. Wateja wa kampuni wakichelewa kulipa, siku nne. Kwenye kalenda tunaandika ile iliyochelewa kuliko zote, tarehe 29. Usitafute wastani, kwa sababu mwenye kukudai hakudai kwa wastani. Mshahara ukiwahi, umepata siku za nafuu; ukichelewa, ulishajipanga.

Na kuanzia hapo, mwezi wako unaanza tarehe 29 unaishia tarehe 28. Kwenye kalenda ya ukutani piga mstari mzito kabla ya 29, mwezi hadi mwezi. Ule mwezi wa tarehe 1 hadi 30 ni wa serikali na wa mwenye nyumba, si wa mfuko wako.

Swali la pili ni nani anadai, na anadai kwa mtindo gani. Maana madeni hayafanani mwendo. Kuna yanayokaa tarehe moja bila kuhama: gari la shule la watoto, 50,000, tarehe 5. Maji ya DAWASA, ankara inaingia kwenye simu katikati ya mwezi na siku ya mwisho ya kulipa imeandikwa humohumo; kwa dada ni kama 18,000 na huwa analipa karibu na tarehe 20. Hayo hayana shida, unayaandika mara moja kwa mwaka mzima.

Kuna yanayokwenda kwa wiki. Kikoba chake kinakaa kila Jumapili, hisa 10,000 na mfuko wa jamii 2,000. Yeye anasema kikoba ni 48,000 kwa mwezi, Jumapili nne. Lakini hesabu kwenye kalenda: kila mwaka kuna miezi minne au zaidi yenye Jumapili tano, na mwezi huo ni 60,000. Elfu 12 haionekani nyingi mpaka ikutwe imepungua tarehe 27. Tunaandika 60,000 kila mwezi. Na wale wa mikopo ya vikundi yenye rejesho la kila wiki, au ile ya kila siku ambayo mtaani mnaiita kausha damu, hesabuni vilevile: hesabu siku za rejesho kati ya mshahara na mshahara, moja moja, kwa kidole.

Halafu kuna deni linalotembea, na hili nataka tukae nalo kidogo, kwa sababu ndilo linalovuruga kalenda za watu na hawalijui. Ni mkopo wa simu wa siku 30. Siku 30 na mwezi ni vitu viwili. Dada alikopa laki moja tarehe 27 Machi. Mwisho wa kulipa ni tarehe 26 Aprili. Analipa siku hiyohiyo, anakopa tena siku hiyohiyo, maana amelipa mfuko umebaki mweupe. Sasa mwisho ni tarehe 26 Mei. Analipa, anakopa, inakuwa tarehe 25 Juni. Kisha 25 Julai. Kisha 24 Agosti. Kisha 23 Septemba. Unaona inavyorudi nyuma? Kila mwezi wa siku 31 ukipita, deni linasogea siku moja kuelekea katikati ya mwezi. Machi aliona amepatia kabisa, mkopo na mshahara vinakutana palepale. Septemba mkopo unamgongea mlango tarehe 23, mshahara bado, na yeye hakubadilisha kitu chochote. Anaanza kukopa kwa shoga yake ili alipe simu, ili simu imkopeshe tena amlipe shoga. Ukiuliza imekuwaje, anasema maisha yamepanda. Yamepanda kweli, lakini hili lilikuwa la kalenda. Vifurushi vya king'amuzi vinavyohesabiwa kwa siku 30 vina mwendo uleule, ila king'amuzi kikikatika hakuna riba, watoto wananuna tu.

Kwa hiyo deni la siku 30 usiliandike mara moja kwa mwaka. Siku unapokopa, hesabu siku 30 kwa kidole kwenye kalenda, weka alama, halafu tazama: alama imeangukia baada ya ule mstari mzito wa 29 au kabla? Ikiangukia kabla, umekopa hela ambayo huna ya kuilipia.

Na kuna ndugu yake wa huo mkopo, huduma za kukamilishia muamala salio lisipotosha, kama Songesha ya M-Pesa. Hii haina haja ya kukukumbusha tarehe, inajilipa yenyewe: hela yoyote ikiingia kwenye laini ile, deni linakatwa kwanza. Wengi wanalijua hilo ila wanalisahau siku mbaya. Mume anapata kazi ya milango miwili, anatuma elfu 30 ya chakula kwenye laini ya mkewe, na laini ina deni la elfu 22 na ada zake. Inabaki elfu saba na kitu, na mume anasema nimetuma elfu 30, unataka nini tena? Nimesikia ugomvi wa namna hii mara nyingi kuliko ninavyoweza kusimulia hewani. Kama laini ina deni la aina hiyo, liandike kwenye kalenda siku ambayo hela inatarajiwa kuingia, na hela ya chakula iombe kwa mkono au kwa laini nyingine mpaka deni liishe.

Daftari la mangi nalo ni deni. Halina tarehe, ndiyo maana ni hatari. Lipe tarehe: kila tarehe 30, siku moja baada ya mshahara. Mangi atakupenda.

Sasa tuichore. Tarehe 29, dada ana 560,000. Siku hiyohiyo simu inadai 109,000, laki moja na ada ya elfu tisa. Na kuna 150,000 ya kodi ya nyumba, nitaieleza baadaye, nayo inaondoka siku hiyohiyo kwenda akaunti nyingine. Amebaki na 301,000. Tarehe 5 gari la shule, 50,000, inabaki 251,000. Maji tuyatenge kabisa, 18,000, inabaki 233,000.

Hiyo 233,000 ndiyo inayobeba vitu vya kila siku: chakula 150,000 kwa mwezi, nauli 40,000, umeme wa LUKU 30,000, na kikoba 60,000. Jumla 280,000. Gawanya kwa siku 30, nyumba hii inakula kama shilingi 9,300 kwa siku. Haya, 233,000 kwa mwendo wa 9,300 kwa siku inakwenda siku 25. Hesabu siku 25 kuanzia tarehe 29. Unaangukia tarehe 23 au 24.

Umeielewa hiyo? Huna haja ya kumchunguza dada anatumiaje hela zake, ananunua vitenge au hanunui. Kalenda yenyewe inasema: tarehe 23 hela inakwisha. Mshahara ukitoka tarehe 25, anavumilia siku moja mbili, anaazima mchele kwa jirani, imepita. Mshahara ukitoka tarehe 29, ana shimo la siku tano au sita, na kwa 9,300 kwa siku hilo ni shimo la kama elfu 50. Na analizibaje? Anakopa laki moja. Shimo la elfu 50, kiraka cha laki moja, kwa sababu mkopo wa mwisho ulikuwa laki moja na simu imekubali laki moja.

Halafu angalia upande wa pili. Kama tarehe 29 asingelipa ile 109,000, hela ya kila siku ingekuwa 342,000 badala ya 233,000. Hiyo inakwenda siku 36. Ingevuka mwezi mzima na kubaki na siku kadhaa za akiba. Kwa maneno mengine, kinachomkopesha mwezi huu ni mkopo wa mwezi uliopita, hakuna kingine. Na analipa elfu tisa kila mwezi kwa ajili ya kukaa palepale, 108,000 kwa mwaka.

Wengi wakifika hapa wanasema, basi sikopi tena kuanzia leo. Usifanye hivyo, msikilizaji. Ukikata ghafla, tarehe 24 utakuwa huna chakula na utarudi kukopa kwa mtu mbaya zaidi. Tunashuka ngazi. Mwezi huu, akishalipa ile 109,000, dada akope 80,000, si laki. Nimelipiga hesabu hili: 560,000, toa 109,000 ya deni, ongeza 80,000, toa matumizi yote ya mwezi ambayo ni 498,000, inabaki 33,000. Anapita, tena na elfu 33 ya msiba au mchango. Mwezi unaofuata akope 60,000. Kisha 40,000, kisha 20,000, kisha asikope. Miezi mitano. Na kila mara akope siku ambayo akihesabu 30 mbele anaangukia tarehe 29 au baada yake, hata kama maana yake ni kungoja tarehe 30 na kubana siku moja. Ukimaliza ngazi, mwezi unakuachia kama elfu 62, ambayo ilikuwa yako siku zote.

Umeme usiununue wa mwezi mzima siku ya mshahara kwa furaha. Nunua kwa wiki, siku moja, tuseme kila Jumatatu. Na ujue manunuzi ya kwanza ya mwezi yanakatwa kodi ya jengo, shilingi 1,500 kwa nyumba ya kawaida tangu Julai 2023, kwa hiyo Jumatatu ya kwanza uniti zitapungua, usidhani mita imeharibika. Kodi hiyo kisheria ni ya mwenye jengo. Kama unapanga, weka zile meseji za manunuzi, mtakuja kuhesabiana naye.

Mikopo ya taasisi nyingine, ile isiyopita kwenye mshahara, mara nyingi tarehe ya marejesho inakubali kuhamishwa, ila uombe kwa maandishi na uombe kabla hujachelewa. Mtu aliyekwisha kuchelewa mara mbili akiomba kuhamishiwa tarehe, afisa anaona anakimbia. Ukihama kutoka tarehe 20 kwenda tarehe 30, zile siku kumi zina riba yake, rejesho la kwanza linaweza kuwa kubwa kidogo. Uliza ni kiasi gani kabla ya kusaini. Na kama ndiyo kwanza unachukua mkopo, mwambie afisa tarehe yako ya kuchelewa, ile 29, usimtajie ile ya mkataba wa kazi. Fomu inauliza tarehe ya mshahara, watu wanajaza 25 bila kufikiri, na miaka miwili wanaadhibiwa kwa faini za siku nne.

Sasa kodi ya nyumba. Nairobi watu wanalipa kodi kila mwezi, wengi mwisho tarehe 5, hivyo wao mshahara na kodi vinafuatana karibu. Sisi hapa Dar mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi, wengine mwaka. Ndiyo maana kalenda ya mwezi mmoja haitutoshi, inabidi uichore ya mwaka. Dada anapanga kwa 150,000, mkataba wake unaisha tarehe 15 Januari na tarehe 15 Julai. Kila mara 900,000. Ziangalie hizo tarehe mbili. Januari shule zinafungua: sare, madaftari, michango. Julai muhula wa pili. Mtu aliyepanga tarehe hizo hakuwa na nia mbaya, dada alihamia tu Januari kwa sababu nyumba ilipatikana Januari.

Hela yenyewe anaitenga, 150,000 kila mshahara, mishahara sita kabla ya kila kodi. Iko akaunti nyingine isiyo na kadi. Lakini tarehe 15 Januari akiitoa yote, anaingia shuleni mkono mtupu. Dawa ni kuhamisha mkataba, na unahama kwa kulipa kipande kimoja kifupi. Mwendee mwenye nyumba mapema, Oktoba au Novemba, usingoje Januari ukiwa unadaiwa. Maneno yenyewe hayana ufundi mwingi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu, kwema?"

"Kwema baba. Nimekuja kwa habari ya mkataba. Januari nilikuwa naomba nikulipe miezi miwili, mpaka tarehe 15 Machi, halafu kuanzia hapo tuandikishane miezi sita sita kama kawaida."

Atanyamaza kidogo. Atauliza, "Na Machi ikifika huna?" Hapo ndipo unamwonyesha salio la ile akaunti. Siyo maneno, salio. Mwenye nyumba aliyewahi kukimbiwa na mpangaji anaamini macho yake. Kukubali si lazima. Wapo wenye nyumba ambao wao wenyewe wanaitegemea Januari yako kwa ada za watoto wao. Akikataa miwili, mwombe mitatu, mkataba uhamie Aprili na Oktoba. Akikubali, iandikwe kwenye mkataba na mjumbe au shahidi aione, maana Machi mwingine atasahau kwamba ulihama na ataanza kusema umechelewa.

Hesabu yake inakaa sawa. Tarehe 15 Januari dada ana 900,000 aliyoitenga kuanzia Julai. Analipa 300,000, inabaki 600,000. Mshahara wa Januari anatenga 150,000, wa Februari 150,000. Tarehe 15 Machi ana 900,000 kamili, analipa miezi sita mpaka tarehe 15 Septemba. Hakuongeza hata shilingi moja. Kitu kimoja tu: ile 600,000 itakaa pale kuanzia katikati ya Januari, na ndugu watajua. Hapo sina dawa ya kalenda.

Labda unasikiliza ukiwa na hesabu nyingine kabisa. Umejumlisha na matumizi yamezidi kipato: unaingiza 560,000, unatoa 620,000. Huo mwezi hautatoshea ukiusogeza kushoto wala kulia. Utakachopata kwenye kalenda ni kujua siku gani utakwama, basi, na cha kufanya ni kupunguza kitu au kuongeza kipato. Kwa watumishi wa umma kuna ile kanuni ya theluthi moja, kwamba makato ya mikopo yasiupunguze mshahara mpaka ubaki chini ya theluthi yake. Lakini kanuni hiyo inaangalia kinachokatwa kwenye mshahara. Kikoba, simu, kausha damu na mangi haivioni, na hivyo ndivyo vinavyomaliza ile theluthi.

Mama ntilie na dereva wa bodaboda, ninyi mshahara wenu ni wa kila jioni. Chukueni kila deni la mwezi mligawe kwa siku mnazofanya kazi, 26 kama Jumapili hamtoki, na kiasi hicho kitoke kwenye droo kabla ya kununua mkaa wa kesho au mafuta. Tutakuwa na kipindi chenu peke yenu, kuna mengi pale.

Namalizia na Desemba, maana ndiyo mwezi unaovunja kalenda za walioipanga vizuri. Waajiri wengi wanatoa mshahara wa Desemba kabla ya Krismasi. Tuseme tarehe 20. Mshahara unaofuata, kwa tarehe yetu ya kuchelewa, ni tarehe 29 Januari. Hesabu: ni siku 40. Dada anakula 9,300 kwa siku, kwa hiyo kipindi hicho kinahitaji 372,000 ya vitu vya kila siku, na yeye amezoea 280,000. Pengo ni elfu 92, na sherehe hatujaigusa.

Lakini rudi nyuma kidogo. Mshahara wa Novemba uliingia tarehe 29 Novemba, na uliofuata tarehe 20 Desemba. Hapo katikati ni siku 21 tu. Mshahara wa Novemba ulipangiwa siku 30 ukatumika siku 21, kwa hiyo tarehe 20 Desemba, mshahara mpya unaposoma, kwenye mfuko wa zamani lazima kuwe na hela ya siku tisa, kama elfu 84. Karibu pengo lote la Januari liko hapo. Ila wengi hawaioni, kwa sababu mshahara mpya unaingia juu yake, zinachanganyika, na kichwani unaona umetajirika. Basi tarehe 19 Desemba usiku, kabla mshahara haujasoma, fungua salio uangalie kilichobaki. Ukikihamisha usiku huo kwenda kwenye ile akaunti ya kodi, na kwenye kalenda ukaandika tarehe 20 Januari kwamba ndiyo siku ya kukitoa, utakuwa na siku tisa za chakula kuanzia hapo mpaka tarehe 29. Kwa leo tuishie hapo, na wiki ijayo nikutane na watu wa droo.